Tiketi Mkononi, Siti Bado

Anayekata tiketi ya basi stendi ya Bariadi kwenda Mwanza huandikiwa namba ya siti. Anayelisimamisha basi hilo njiani, tuseme Lamadi, naye hulipa nauli, lakini siti zikiwa zimejaa huambiwa asimame. Wote wawili ni abiria halali. Mmoja amelipia safari na mahali pa kukaa, mwingine amelipia safari peke yake.

Kwenye treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tofauti hiyo haipo. Tiketi moja inabeba jina lako, namba ya behewa na namba ya siti. Ndiyo maana kijana wa Simiyu aliyekwenda kusoma Ulaya hushtuka anapoonyesha tiketi halali na bado mkaguzi anamuuliza: nafasi yako iko wapi?

Linalowatatiza wengi ni pasi ya Interrail, ambayo hununuliwa na wakazi wa Ulaya, akiwamo Mtanzania anayeishi kule. Anayetoka Tanzania kutembea hununua Eurail. Pasi hizi mbili humruhusu mtu kupanda treni za nchi nyingi kwa siku alizolipia, lakini hazimshikii siti yoyote. Mwenye pasi anaweza kuamka asubuhi akaamua kwenda kokote, na shirika la reli halina namna ya kujua atapanda treni ipi.

Kwa treni za mikoani hilo si tatizo, kwa sababu watu hupanda na kushuka, na wengine husimama. Treni za kasi za Ufaransa na Italia huuzwa kama ndege: kila tiketi ni ya treni fulani, saa fulani, siti fulani, na bei hupanda siti zinapopungua. Mwenye pasi akiingia bila nafasi, atakalia siti ya mtu aliyekwisha kuilipia. Isitoshe, siti anayopewa yeye ingeweza kuuzwa kwa nauli kamili, kwa hiyo shirika humtoza ada, na Ufaransa huweka pia ukomo wa siti za wenye pasi katika kila treni. Ukomo huo ukifika, utaambiwa nafasi zimekwisha hata kama bado kuna siti zinazouzwa kwa nauli ya kawaida. Kwa maoni yangu, hili lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa pale pasi inaponunuliwa.

Tuchukue safari moja: kutoka Milano kwenda Venezia kwa Frecciarossa, treni ya kasi ya Trenitalia. Mwenye pasi anatafuta treni yake kwenye programu ya simu ya Rail Planner, anaona alama kwamba nafasi ni lazima, na anaiingiza safari hiyo kwenye pasi yake. Kufanya hivyo hakujampa siti. Siti anaipata kwa hatua ya pili: ama anaiagiza kwenye tovuti ya Interrail, ambako huongezewa ada ndogo ya huduma, ama anakwenda dirisha la tiketi la Trenitalia, anaonyesha pasi na kuomba nafasi tu, bila tiketi. Neno hilo "tu" lisisahaulike, maana asipolitamka anaweza kuuziwa tiketi nzima. Ndani ya treni ataonyesha vyote viwili, pasi na nafasi. Kimoja bila kingine hakitoshi. Asichanganye pia na Italo, kampuni nyingine inayopita njia hiyohiyo, kwa kuwa haipokei pasi hizi kabisa.

Nafasi zikiwa zimejaa, njia bado ipo. Treni za mkoa humfikisha Verona, anabadilisha, kisha Venezia. Safari inakuwa ndefu zaidi, ila pasi peke yake inatosha.

Ujerumani mambo ni mepesi. Kwenye treni nyingi za kasi za ICE zinazosafiri ndani ya nchi, nafasi ni hiari. Aliyekwisha kununua tiketi anaweza kuongeza siti baadaye kwenye bahn.de kwa kuchagua Nur Sitzplatz, yaani siti pekee, akiandika treni na tarehe ileile ya tiketi yake. Asiyeshika nafasi hutazama kibao kidogo juu ya siti: kikionyesha majina ya vituo viwili, siti hiyo ina mwenyewe kati ya vituo hivyo. Mwenyewe asipotokea ndani ya dakika 15 tangu treni iondoke kituo alichopaswa kupandia, haki yake ya siti hiyo inakwisha.

Kabla ya kulipa, tafuta herufi R ndani ya kisanduku kwenye ratiba, au neno Reservierungspflicht kwa Kijerumani, prenotazione obbligatoria kwa Kiitaliano. Ukiviona, shika nafasi siku kadhaa kabla, hasa Julai na Agosti, wakati wa likizo za Ulaya.