Ripoti ya mazoezi ya kufundisha: ushahidi kwamba mtoto amejifunza uko wapi?

Mwanachuo wa ualimu akimaliza mazoezi ya kufundisha, yale ambayo vyuoni yamezoeleka kwa jina la BTP, hudaiwa ripoti. Mpangilio wake unajulikana: shukrani, historia ya shule, kazi zilizofanyika, mafanikio, changamoto, mapendekezo, hitimisho. Ukizisoma ripoti kadhaa kwa mfululizo utaona kwamba historia ya shule inachukua kurasa, zamu na michezo vinaelezwa kwa urefu, lakini suala la kama watoto walijifunza linapata sentensi moja tu: asilimia 80 ya wanafunzi walielewa somo.

Sentensi hiyo inatoka kwenye andalio la somo. Chini ya andalio kuna nafasi ya tathmini na maoni, na mwalimu huijaza kengele ikikaribia kulia, akikumbuka mikono iliyonyooshwa. Mikono hiyo ni ya watoto walewale wa madawati ya mbele. Juu ya andalio hilohilo kuna jedwali la walioandikishwa na waliohudhuria, wasichana na wavulana, lakini mara chache asilimia 80 inaelezwa ni ya idadi ipi. Kwa hiyo msomaji anajua kwamba somo lilifundishwa. Kama lilishika, hajui. Mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kuingia madarasani Januari 2024, unadai umahiri, yaani kile ambacho mtoto anaweza kukifanya. Ripoti isiyoonyesha hilo inakuwa imeacha swali lenyewe.

Tuchukue mwanachuo aliyepangiwa shule ya msingi katika kata ya Endamarariek, wilayani Karatu, akapewa Hisabati Darasa la III, mada ya kutoa. Darasa hili na takwimu zake nimevitunga ili tuone kazi inavyofanyika. Makosa ya watoto ni yale ambayo mwalimu yeyote wa madarasa hayo ameshayasahihisha.

Kabla ya kufundisha, anaandika maswali matatu ubaoni: 86 kutoa 52, 63 kutoa 27, na 502 kutoa 137. La kwanza halina kukopa, la pili lina kukopa mara moja, la tatu lina sifuri katikati. Wanafunzi 50 wanafanya. La kwanza wanapata 46, la pili 27, la tatu 9 tu. Angepima kwa swali la 63 kutoa 27 peke yake, angeandika kwamba zaidi ya nusu ya darasa wanaweza kukopa, na asingejua kwamba sifuri inawaangusha karibu wote.

Idadi ya waliokosa inaonyesha ukubwa wa tatizo. Kinachoonyesha chanzo chake ni majibu yenyewe. Jibu sahihi ni 365. Watoto 19 wameandika 435. Hawa wametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 2 na 7 wakaandika 5, 0 na 3 wakaandika 3, 5 na 1 wakaandika 4. Hawajakopa kabisa. Wengine 8 wameandika 475: 12 kutoa 7 ni 5, 10 kutoa 3 ni 7, 5 kutoa 1 ni 4. Hao wanakopa kila wanapokwama, ila wanakokopa hawapunguzi. Wengine 6 wameandika 335. Wamekopa moja kwa moja kutoka mamia hadi mamoja, wakairuka sifuri, kisha kwenye makumi wakageuza 0 kutoa 3 kuwa 3. Waliobaki 8 wana majibu yasiyofuata njia moja, au wameacha wazi.

Hapo mwanachuo ana makundi matatu yanayohitaji masomo tofauti. Kundi la 435 halijui kwamba tarakimu ya chini ndiyo inayotolewa kwenye ya juu. Kundi la 475 linajua utaratibu lakini halioni kwamba kilichokopwa kimetoka mahali fulani. Kundi la 335 linakosa kitu kimoja tu, nacho ni kwamba mia haiwezi kuingia kwenye mamoja bila kupitia makumi. Kurudia somo zima kwa sauti ya juu zaidi hakumsaidii hata mmoja wao.

Kuna tahadhari moja kabla ya kuyaamini makundi haya. Watoto watatu wa dawati moja wakileta jibu moja geni, kwa mfano wote 381, ambalo hakuna mwingine darasani aliyelipata, mmoja ameandika na wawili wamenakili. Dawa yake ni ndogo: waliokaa kulia wapewe 502 kutoa 137, wa katikati 503 kutoa 148, wa kushoto 604 kutoa 258. Ugumu ni uleule na sifuri iko palepale, lakini kunakili kunajionyesha kwenyewe.

Sasa zana. Ripoti nyingi huandika kwamba mwalimu alitumia zana, zikaishia hapo. Kwa 502 kila kikundi kinahitaji vikadi 27 vilivyokatwa kwenye maboksi: vitano vya 100, kumi vya 10 na kumi na viwili vya 1. Watoto wanaanza na vitano vya 100 na viwili vya 1. Vingine anavishika mwenzao anayebadilishia. Wakitakiwa kutoa 7, mamoja hayatoshi na makumi hayapo. Inabidi wapeleke kikadi kimoja cha 100 wapewe kumi vya 10, kisha wapeleke kimoja cha 10 wapewe kumi vya 1. Mezani sasa kuna mamia 4, makumi 9 na mamoja 12, na jumla bado ni 502. Wakitoa 137 wanabaki na 365. Kundi la 335 linaona kwa macho kwamba makumi 9 yamebaki katikati. Kundi la 475 linaona kwamba kikadi cha 100 kimeondoka kweli. Ripoti ikieleza hivi, mwalimu mwingine anaweza kuitengeneza zana hiyo jioni moja.

Baada ya vipindi vya vikadi linakuja zoezi la pili, na hapa ndipo hesabu huharibika. Zoezi la kwanza lilifanywa na 50, la pili limefanywa na 44. Je, waliokosekana ni nani? Katika kijiji cha wakulima wa mahindi, maharage na mbaazi wanaofuga pia, mahudhurio hushuka wakati wa palizi na mavuno, na siku ya mnada. Wanaokosekana mara nyingi ndio waliokuwa nyuma. Wakitoka kwenye hesabu, asilimia inapanda bila mtoto yeyote kujifunza kitu. Kwa hiyo analinganisha waliofanya mazoezi yote mawili tu, na hao ni 42. Mara ya kwanza swali lenye sifuri lilipatwa na 8 kati yao, mara ya pili na 24. Akiwapa tena baada ya wiki mbili, bila kuwatangazia na kwa namba nyingine, 703 kutoa 346, wote 42 wakiwepo, wanapata 19. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kuandikwa kwa herufi nzito, maana inaonyesha kilichobaki baada ya joto la kipindi kupoa.

Changamoto nayo inahitaji kupimwa. Endamarariek iko kwenye eneo la Wairaqw, na Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, si ya Kibantu. Mtoto anayekisikia nyumbani anakutana na Kiswahili cha darasani kama lugha ya pili, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali tangu 1967. Ni rahisi basi kuandika kwamba lugha ni changamoto. Lakini kwa nani, na kwa kiasi gani? Mwanachuo anaweza kutoa swali lilelile kwa njia mbili. Siku moja anaandika 63 kutoa 27. Siku nyingine anaandika: mzee alikuwa na madebe 63 ya mahindi, akauza 27, amebakiwa na ngapi? Mtoto anayepata la tarakimu na kukosa la maneno ameshindwa kusoma habari, hajashindwa hesabu. Anayekosa yote mawili anahitaji vikadi kwanza. Na anayejumlisha 63 na 27 akaandika 90 anaonyesha kwamba ameziokota namba akaiacha habari yenyewe.

Mgeni asiyejua Kiiraqw afanyeje? Anaweza kumwomba mwalimu wa darasa anayekijua alisome swali la maneno kwa Kiiraqw kwa wale waliokosa, aone wangapi wanapata papo hapo. Hilo linachukua dakika chache na linageuza malalamiko kuwa taarifa. Vivyo hivyo kwa utoro: badala ya kuandika kwamba upo, afungue rejista, ahesabu siku kwa siku, aone kama pengo linaangukia siku ya mnada au linarudi kwa watoto walewale. La kwanza linatatuliwa kwa kutopanga mada mpya siku hiyo. La pili linahitaji kuongea na wazazi wao.

Sehemu ya nilichojifunza huwa na maneno kama uvumilivu na ushirikiano, ambayo yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuingia darasani. Kutokana na kazi hii mwanachuo wetu angeandika kitu kingine. Angeandika kwamba kabla ya kufundisha kutoa ni lazima kujua kama watoto wanaiandika sifuri ya katikati, kwa sababu tunaposema mia tano na mbili hatuitaji, na wapo wanaoandika 5002. Angeandika pia kwamba zoezi la papo hapo lilimpa 24, na baada ya wiki mbili wakabaki 19, kwa hiyo marudio yangewekwa kwenye azimio la kazi tangu mwanzo.

Pia anapaswa kusema ushahidi wake unaishia wapi. Hakukuwa na darasa la pili la kulinganisha. Mwalimu wa darasa huenda alifanya mazoezi ya kutoa katika vipindi vyake mwenyewe. Mtungaji wa maswali na msahihishaji ni mtu mmoja, tena ndiye aliyefundisha. Siku mkufunzi alipokuja kumkagua somo liliandaliwa kuliko siku zote, hivyo alama za siku ile hazielezi za kawaida. Sentensi iliyo salama kuandikwa ni hii: kati ya wanafunzi 42 waliofanya mazoezi yote, waliopata swali lenye sifuri waliongezeka kutoka 8 hadi 19, na ongezeko hilo lilikuwepo wiki mbili baada ya somo.

Sentensi hiyo inawaacha watoto 23 ambao bado wanakosa, na mwanachuo anaondoka. Nakala moja ya ripoti inakwenda chuoni kusahihishwa. Mwalimu wa darasa hahitaji historia ya shule yake; anahitaji ukurasa mmoja wenye majina ya hao 23, kosa la kila mmoja, swali la kuwapima nalo, na pakiti ya vikadi. Majina yabaki kwenye ukurasa huo tu, na kwenye nakala ya chuo watajwe kwa namba.