Mngurumo Usiosikika: Namna Tembo Wanavyowasiliana kwa Njia ya Hewa na Ardhi

Wananchi wanaoishi kandokando ya hifadhi wamewahi kushuhudia familia ya tembo iliyotawanyika malishoni ikisimama ghafla kwa pamoja. Masikio hutandazwa, vichwa huinuliwa, na kwa muda hakuna anayetafuna wala kupiga hatua. Kisha wote hugeuka na kuelekea upande mmoja, ingawa mtu aliye karibu nao hakusikia sauti yoyote. Mara nyingi wanyama hao huwa wanasikiliza mwito wa tembo wenzao walio mbali, uliotolewa kwa sauti nzito kiasi kwamba sikio la binadamu haliwezi kuipokea vyema.

Jambo hilo lilianza kufahamika kisayansi mwaka 1984, wakati mtafiti Katy Payne alipokuwa akiwaangalia tembo katika bustani ya wanyama ya Portland nchini Marekani. Alihisi hewa ikitetema mwilini mwake bila kusikia kitu. Rekodi zilizochukuliwa baadaye na kuchezwa kwa kasi kubwa kuliko ile zilizorekodiwa zilidhihirisha kuwa tembo hao walikuwa wakiitana. Muda mfupi baadaye, Payne alishirikiana na watafiti Joyce Poole na Cynthia Moss kuthibitisha kuwa tembo wa porini katika Hifadhi ya Amboseli, nchini Kenya, hutumia sauti za namna hiyo katika maisha yao ya kila siku.

Kwa kawaida, binadamu husikia sauti kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde. Sehemu ya chini ya mngurumo wa tembo huwa kati ya mitetemo 14 na 35 kwa sekunde. Sauti hiyo hutokea kwenye zoloto, pale hewa itokayo mapafuni inapopita katikati ya nyuzi za sauti na kuzitetemesha, kama ilivyo kwa binadamu anapozungumza. Tofauti ni kwamba nyuzi za tembo ni ndefu na nzito zaidi, hivyo hutetema polepole. Mtu aliye karibu anaweza kutambua kuwa tembo ananguruma kwa kuangalia ngozi ya paji la uso, ambayo hutikisika kidogo, na masikio yanayopepewa sauti inapotoka.

Uzito huo wa sauti ndio unaoiwezesha kusafiri mbali. Mngurumo wenye mitetemo 17 kwa sekunde huwa na wimbi lenye urefu wa takribani mita 20. Wimbi refu kiasi hicho halizuiwi kwa urahisi na miti wala vichaka, na hewa hainyonyi nguvu yake haraka kama inavyofanya kwa sauti nyembamba.

Hata hivyo, umbali unaofikiwa hubadilika kulingana na saa. Mchana jua hupasha joto ardhi, na hewa iliyo karibu na ardhi huwa ya moto kuliko iliyo juu yake. Hali hiyo huipindisha sauti kwenda juu, huku upepo ukiitawanya. Baada ya jua kuzama, ardhi hupoa na tabaka la hewa baridi hukaa chini ya hewa yenye joto. Sauti hupindishwa kurudi chini na kusafiri kana kwamba imefunikwa na paa. Uchunguzi wa hali ya hewa katika Hifadhi ya Etosha, nchini Namibia, ulionesha kuwa saa moja au mbili baada ya machweo, katika usiku mkavu usio na upepo mkali, mngurumo unaweza kufika hadi kilomita 10. Eneo linalofikiwa na mwito mmoja linaweza kupanuka hata mara 10 ndani ya siku moja.

Ikumbukwe kuwa kusikia sauti ni jambo moja, na kumtambua aliyeitoa ni jambo jingine. Tofauti hiyo ilipimwa Amboseli na kundi la watafiti lililoongozwa na Karen McComb. Walirekodi miito ambayo tembo jike hutumia kutafutana, kisha wakaicheza kwa vipaza sauti karibu na familia nyingine na kuangalia mwitikio. Familia iliyomfahamu mwitaji ilitulia, kusikiliza, na wakati mwingine kujibu. Ilipokuwa sauti ya mgeni, tembo walisogeleana, wakamzunguka ndama na pengine kuondoka eneo hilo. Ilibainika kuwa tembo jike mmoja anaweza kufahamu sauti za majike wenzake wapatao 100.

Vipimo vya umbali vilionesha kuwa utambuzi huo hufanyika vizuri zaidi ndani ya kilomita 1 hadi 1.5, na mara chache hufika kilomita 2.5. Sababu ni kwamba alama za utambulisho wa mwitaji hazimo zaidi katika sehemu nzito kabisa ya mngurumo. Zimo katika sehemu yake ya juu kidogo, yenye mitetemo ipatayo 115 kwa sekunde, ambayo hudhoofika mapema. Kwa hiyo tembo aliye mbali sana anaweza kujua kuwa kuna tembo mwingine bila kujua ni nani.

Njia ya pili ni ardhi. Tembo anaponguruma kwa nguvu, sehemu ya mtetemo huingia ardhini na kusambaa. Mtafiti Caitlin O'Connell-Rodwell aliona katika Hifadhi ya Etosha tembo wakiganda ghafla, wakiegemea miguu ya mbele na pengine kuinua mguu mmoja, kana kwamba wanasikiliza kwa nyayo. Mtetemo hupokelewa na vihisio vilivyo miguuni na kwenye ncha ya mkonga, na pia hupanda kupitia mifupa hadi sikioni.

Ili kuthibitisha hilo, miito ya tahadhari ilipitishwa ardhini pekee, bila kusikika hewani, karibu na kisima cha maji cha Mushara. Mwito uliorekodiwa papo hapo Mushara uliwafanya tembo wakusanyike na kuwa macho. Mwito wa tahadhari uliorekodiwa kwa tembo wa Kenya haukuleta mwitikio wa namna hiyo. Tembo hao walitofautisha sauti ya wenyeji na ya wageni kwa mtetemo wa ardhi peke yake.

Njia hii nayo ina mipaka. Aina ya udongo au mwamba huamua umbali ambao mtetemo utafika. Utafiti uliofanyika Samburu, Kenya, ulionesha pia kuwa kelele zinazotokana na shughuli za binadamu hupunguza umbali huo. Magari hutoa mitetemo mizito inayoweza kufunika mngurumo, na ndiyo sababu kuzima injini karibu na kundi la tembo huwaachia nafasi ya kusikilizana.

Mawasiliano haya hutegemea pia kumbukumbu za wazee. Watafiti wa Amboseli walibaini kuwa familia zilizoongozwa na jike mwenye umri wa takribani miaka 55 zilitofautisha sauti ya mgeni na ya mwenyeji vizuri zaidi kuliko zile za kiongozi wa miaka 35, na zilifanikiwa zaidi kupata ndama. Majike wakubwa ndio ambao mara nyingi huwa na pembe kubwa zinazowavutia majangili. Jike wa namna hiyo anapouawa, miito huendelea kuifikia familia yake kama kawaida, lakini aliyezijua sauti nyingi zaidi hayupo tena.