Mguu Unaoning'inia Ngazini

Mtazame mhusika wa mchezo wa video anaposimama katikati ya ngazi. Mguu wa kushoto umekanyaga sawasawa, ila wa kulia unaning'inia hewani juu ya kipandio cha chini. Mwendo wake ulitengenezwa kwenye sakafu tambarare, na mifupa inaurudia vilevile hata ardhi inapobadilika.

Kwa miaka mingi dawa ya kosa dogo la pozi ilikuwa safari. Fundi alirudi kwenye programu kama Maya au Blender, akarekebisha, akatoa faili la FBX, akaliingiza upya kwenye injini ya mchezo, ndipo akaona matokeo. Kwa ngazi, safari hiyo haisaidii, kwa kuwa hakuna ajuaye mchezaji atamsimamisha mhusika wapi.

Epic Games, watengenezaji wa Unreal Engine, waliiweka kazi hiyo ndani ya injini yenyewe kwa chombo kiitwacho Control Rig. Ni tabaka linalokaa juu ya mifupa ya mhusika. Lina vishikio vya kuvuta kwa kipanya, na grafu ya hesabu inayoamua kila mfupa uende wapi. Upande uitwao Forwards Solve, vishikio huongoza mifupa. Upande wa Backwards Solve hufanya kinyume: mwendo uliokwisha tengenezwa husomwa kutoka kwenye mifupa na kuhamishiwa kwenye vishikio. Ndiyo sababu fundi wa filamu anaweza kuchukua mwendo uliorekodiwa, akauhamishia kwenye vishikio ndani ya Sequencer, kisha akausogeza mkono uliopenya kwenye ukuta huku taa na kamera za onyesho zikiwa mbele yake.

Ngazini hakuna fundi wa kuvuta kishikio, kwa hiyo grafu hufanya kazi peke yake. Mfano upo tayari katika kiolezo cha Third Person cha Unreal Engine 5, ambamo mhusika Manny anatumia faili la CR_Mannequin_BasicFootIK.

Tuseme kipandio kina kimo cha sentimita 15. Manny anabebwa na umbo la kapsuli lisiloonekana, na kapsuli hiyo imetua kwenye kipandio cha juu. Kwa hiyo miguu yote miwili iko kimo cha kipandio hicho. Grafu inaanza kwa kushusha tufe lisiloonekana kwenye kila mguu ili kupima ardhi iko wapi. Kushoto jibu ni 0, kulia ni -15. Katika Unreal kipimo kimoja ni sentimita moja, basi hakuna haja ya kugeuza hesabu.

Hatua inayofuata ndiyo wanaoanza huisahau. Mguu wa kulia ukinyooka wote bado hauwezi kufika sentimita 15 chini, maana nyonga imebaki juu. Grafu inachagua jibu la chini zaidi kati ya mawili na kuishusha nyonga kwa kiasi hicho. Mwili mzima unashuka, mguu wa kulia unagusa kipandio chake. Wa kushoto sasa ungezama ndani ya jiwe, lakini hesabu ya kinyumenyume, inayoanzia kwenye wayo na kupanda hadi paja, inaurudisha pale pale ulipokuwa. Goti la kushoto linakunjika, na Manny anasimama kama mtu.

Dalili za makosa huonekana haraka. Goti likikunjika kuelekea nyuma, shida iko kwenye mwelekeo aliopewa goti. Tena mihimili ya mifupa ya kushoto na kulia hutazamana kama kwenye kioo, hivyo thamani iliyofaa upande mmoja huenda ikahitaji alama ya kutoa upande wa pili. Wayo ukizama sakafuni, kumbuka mfupa wa foot_l uko kwenye kifundo, wala si chini ya wayo; umbali huo lazima uongezwe. Miguu ikiruka ghafla anapovuka ukingo wa kipandio, majibu ya vipimo hayajalainishwa kutoka fremu moja hadi nyingine. Akiruka juu huku miguu ikiitafuta ardhi, swichi ya ShouldDoIKTrace haikuzimwa.

Kuna mpaka pia. Tufe hushuka umbali uliowekwa tu. Manny akisimama ukingoni mwa genge, halikuti kitu, nyonga haishuki, na mguu mmoja unabaki hewani. Umbali ukirefushwa bila kikomo, nyonga nayo huvutwa chini hadi mhusika anachuchumaa penye ukingo. Kwa hiyo mafundi huweka kiwango cha juu cha nyonga kushuka, wakakubali kwamba gengeni Manny anahitaji pozi jingine, lililotengenezwa kwa mkono.