Kijitu kimoja, majina matano

"Mjomba, tutafsirie basi, usiku tunacheza." Chini ya ujumbe wa mpwa wangu kulikuwa na picha nne za karatasi ya sheria iliyokuja na sanduku la Carcassonne, mchezo wa Kijerumani uliotoka mwaka 2000 na kupewa jina la mji wenye ngome kusini mwa Ufaransa.

Wachezaji hupanga mezani vigae 72 vya mraba, kimoja baada ya kingine, mpaka vinakuwa ramani ya miji, barabara, monasteri na malisho. Kila mchezaji ana vijitu vinane vya mbao vya rangi yake: kimoja hukaa kwenye ubao wa alama, saba huingia mchezoni.

Kabla ya kutafsiri neno lolote nilizirudisha picha. Karatasi ilikuwa ya kung'aa, na taa ya simu ilikuwa imefuta mistari miwili. Mkunjo nao ulikuwa umemeza mmoja. Nikamwambia aitandaze karibu na dirisha, azime taa, apige kila ukurasa peke yake akiwa juu yake wima, kisha anitumie kama faili. Picha ya kawaida ya WhatsApp hubanwa, na 3 ikafanana na 8. Zilipofika nikayanakili maneno yote ya Kijerumani, safu kwa safu, nikiangalia sentensi iliyokatika chini ya picha moja inaendelea wapi kwenye nyingine.

Hapo ndipo nilipofika kwenye majina. Cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa "karata" kwa kile cha mraba na "kete" kwa kijitu, maneno ambayo kila mcheza bao au mcheza karata anayajua. Nikaandika: "Karata ikishawekwa, kete inaweza kuwekwa juu yake. Ikihesabiwa, inarudi." Nini kinarudi? Maneno yote mawili yana upatanisho mmoja, kwa hiyo msomaji hawezi kujua. Nikabadilisha: kigae na mfuasi. Sasa "kikiwekwa" ni kigae na "akirudi" ni mfuasi, hata jina lisipotajwa. Sarufi yetu yenyewe inamwelekeza mchezaji.

Tatizo la pili ni kwamba mfuasi hubadilika jina kulingana na mahali anapowekwa. Ndani ya mji ni askari, barabarani ni mnyang'anyi, kwenye monasteri ni mtawa, kwenye malisho ni mkulima. Msomaji asiyeambiwa hilo atafungua sanduku atafute watawa asiwaone. Nikaandika mwanzoni kabisa kwamba hao wote ni mfuasi yuleyule, halafu nikajiwekea sharti: akiwa kwenye akiba ya mchezaji ni "mfuasi" tu, akishawekwa huitwa kwa kazi yake, na sitamwita "mtu" wala "mwanasesere" hata mara moja. Mkulima nikamtofautisha kwa kitenzi pia. Wenzake husimamishwa, yeye hulazwa, na akishalazwa hanyanyuki mpaka mchezo uishe.

Mpangilio wa zamu ulihitaji uangalifu zaidi. Zamu ina hatua tatu: unaweka kigae, ukitaka unaweka mfuasi juu ya kigae hicho, kisha unahesabu alama za kilichokamilika. Katika rasimu yangu ya kwanza nilizichanganya zote kwenye sentensi moja ndefu, kuhesabu kukatangulia kuweka mfuasi. Ilisomeka vizuri, lakini ilikuwa imebadilisha mchezo.

Chukua mchezaji ambaye wafuasi wake saba wote wako mezani. Anachukua kigae kinachofunga mji wake wa vigae vinne, wenye ngao moja. Pembeni ya kigae hicho kuna kipande cha barabara. Kila kigae cha mji kina alama 2, ngao inaongeza 2, jumla 10, na askari anarudi kwenye akiba. Kwa rasimu yangu, angemchukua askari huyohuyo na kumweka barabarani papo hapo. Kwa sheria halisi hawezi, maana hatua ya kuweka mfuasi imepita akiwa hana hata mmoja. Atasubiri zamu yake ijayo. Mchezo mzima unamlazimisha mtu asimalize wafuasi wake ovyo, na sentensi yangu ilikuwa imeliondoa sharti hilo.

Nikazipanga hatua kwa namba, moja mpaka tatu, kila moja na mstari wake. "Zamu" nikaiacha kwa mchezaji mmoja tu. Wote wakishacheza mara moja, huo nikauita "mzunguko".

Kosa la namna hiyo halionekani kwa kusoma. Ndiyo maana nilimwomba mpwa wangu acheze na dadake mimi nikiwa nimenyamaza, akiba ikiwa na wafuasi wawili tu kila mmoja, ili waishiwe mapema. Dakika ya kumi dada akafunga mji, akamchukua askari wake, mkono ukaelekea barabarani. Kaka akaweka kidole kwenye karatasi. "Namba mbili imeshapita." Dada akasoma, akamrudisha askari kwenye akiba.

Hakuna aliyenigeukia kuuliza.