'Pole' si 'samahani': Siku niliyomtafsiria mama wa pilau

Mama mwenye hoteli ninayokula lanchi alinisukumia simu yake. "Kijana wangu, hebu nisomee hii. Kiingereza chake kinanipita."

Mteja alikuwa amempa nyota moja. Alisema alingoja dakika 40, pilau ikaja baridi na hakuna aliyemweleza lolote. Akawaonya watu wasipoteze pesa zao hapo.

Mimi ningemrushia maneno. Mathe alipangusa mikono tu, akaniambia niandike hivi, kisha niweke kwa Kiingereza:

"Pole sana mgeni wetu kwa kungoja na njaa. Gesi ilituishia, tukawasha jiko la makaa likachelewa kushika, na hatukukwambia. Hapo tulikosa, samahani. Karibu tena, ukifika uniulizie mimi mwenyewe."

Nikadhani ni kazi ya dakika mbili. Wapi!

Shida ilianza na neno la kwanza. "Pole" ni la kumwonea mtu huruma. Hata aliyejikwaa barabarani unampa pole na hukumsukuma. "Samahani" ndiyo ya kukubali kosa. Kiingereza huyabeba yote mawili kwa "sori" moja. Nilipoandika sori kwa jinsi alivyojisikia, ikawa kama namwambia shida ni hisia zake. Nikafuta. Pole nikaigeuza sentensi nzima: kungoja hivyo ukiwa na njaa ni kugumu. Sori nikaihifadhi kwa lile kosa lenyewe.

Pili, "hatukukwambia" niliiandika kiofisi: mteja hakuarifiwa. Imenyooka, lakini aliyenyamaza ametoweka. Mathe alisema "hatu", yaani sisi. Nikairudisha.

Tatu, nilijifanya mjanja. "Karibu tena" kwa Kiingereza ilisikika kama bango la mlangoni, nikaitia nguvu kwa kuahidi sahani ya bure.

Kabla ya kutuma, nilimsomea jibu langu nikilirudisha kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Kufika kwa sahani akanikatiza. "Hiyo ya bure nilisema saa ngapi? Kesho wakija kumi wakiidai, utalipa wewe?"

Alikuwa na haki. Jibu la hapo husomwa na kila anayetafuta pa kula, na ahadi ingekuwa yake, si yangu. Nikaandika alichosema: ukija tena, uniulizie mimi.

Kwa hivyo ukitafsiria mtu, mrudishie maneno kwa lugha yake kabla ya kubonyeza. Akishtuka, ujue kuna kitu umeongeza au umeficha.

Nyota bado ni moja. Jana nilimuuliza mathe kama imemuuma. Akacheka, akanionyesha kibao alichomwandikia mhudumu kando ya jiko: "Chakula kikichelewa, mwambie mgeni."