Betri Mpya na Betri Kuukuu Kwenye Waya Mmoja

Betri mbili za volti 12 zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mita husoma namba moja tu kwenye ncha zao, hata kama kabla ya kuunganishwa kila betri ilikuwa na volti zake. Namba hiyo si ya betri mpya wala si ya betri kuukuu, na ni nadra kuangukia katikati kabisa ya hizo mbili. Ipo kanuni inayoipata kwa hatua moja ya hesabu. Inaitwa kanuni ya Millman, kwa jina la Jacob Millman, mhandisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na aliyeichapisha mwaka 1940.

Kanuni hii hutumika pale ambapo matawi kadhaa ya umeme yameanzia sehemu moja na kuishia sehemu moja. Kila tawi lina chanzo chake cha volti, na chanzo hicho kimefuatana na ukinzani. Sehemu yanapokutana matawi yote huitwa nodi. Kwa betri, chanzo ni kemia iliyomo ndani yake, na ukinzani ni ule wa ndani ya betri pamoja na wa waya na vibano vinavyoifikisha kwenye nodi. Fundi haoni resista yoyote hapo, lakini ukinzani upo, na ndio unaoamua karibu kila kitu.

Volti za vyanzo zikiitwa E, na ukinzani wa matawi ukiitwa R, volteji ya nodi huandikwa hivi:

```
V = (E1/R1 + E2/R2 + E3/R3) / (1/R1 + 1/R2 + 1/R3)
```

Matawi yakiwa manne au kumi, kinachoongezeka ni idadi ya vipande vya juu na vya chini, wala hesabu haibadiliki sura. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Anayefuata njia ya kawaida ya kuzunguka saketi kitanzi kwa kitanzi hulazimika kuandika mlinganyo mpya kwa kila tawi linaloongezwa, kisha kuitatua yote kwa pamoja, na alama moja ya kutoa ikisahaulika kazi yote huharibika.

Kanuni yenyewe imetoka kwenye sheria ambayo Gustav Kirchhoff aliieleza mwaka 1845, kwamba mkondo unaoingia kwenye nodi lazima ulingane na unaotoka. Mkondo wa tawi lolote ni tofauti kati ya volti za chanzo chake na volti za nodi, ikigawanywa kwa ukinzani wa tawi hilo. Mikondo yote ikijumlishwa hupatikana sifuri, na kwa kuwa kisichojulikana ni kimoja tu, yaani volteji ya nodi, kinahamishiwa upande wake na jibu linatoka.

Kinyume cha ukinzani, yaani 1/R, huitwa upitishaji, na hupimwa kwa simensi. Kwa hiyo volteji ya nodi ni wastani wa volti za vyanzo, ila kila chanzo huhesabiwa kwa uzito wa upitishaji wake. Mfanyabiashara akichanganya kilo 20 za mchele wa bei ya juu na kilo 5 za mchele wa bei ya chini, bei halisi ya mchanganyiko itakaa karibu na ile ya kilo 20. Volteji hufuata mkondo huohuo wa hesabu.

Chukua nyumba inayotumia umeme wa jua. Ina betri mpya yenye volti 12.8 ikiwa haijafungwa kwenye chochote, na betri kuukuu yenye volti 12.2. Ukinzani haupimwi kwa kuweka mita upande wa omu kwenye ncha za betri, maana betri ina volti zake na kipimo kitakuwa cha uongo, au mita itaharibika. Njia sahihi ni kuisomesha betri volti ikiwa haina mzigo, kisha kuifunga mzigo unaojulikana na kuisoma tena. Betri kuukuu ikifungwa mzigo wa ampea 5 na ikashuka kutoka volti 12.2 hadi 11.2, imepoteza volti 1 kwa ampea 5, hivyo ukinzani wake ni omu 0.2. Betri mpya ikifungwa mzigo wa ampea 10 na kushuka kutoka 12.8 hadi 12.3, ukinzani wake ni omu 0.05. Upitishaji wa betri mpya basi ni simensi 20, na wa betri kuukuu ni 5.

Usiku taa zikiwa zimezimwa, matawi ni mawili tu. Juu kuna 12.8 mara 20, ambayo ni 256, na 12.2 mara 5, ambayo ni 61. Jumla ni 317. Chini kuna 20 na 5, yaani 25. Jibu ni volti 12.68. Namba hiyo iko chini ya volti za betri mpya na juu ya volti za betri kuukuu, kwa hiyo betri mpya inatoa umeme na betri kuukuu inaupokea. Kiasi chake ni tofauti ya volti 0.12 mara simensi 20, yaani ampea 2.4. Hakuna taa inayowaka, hakuna redio inayosema, na bado betri mpya inamwaga ampea 2.4 ndani ya mwenzake. Mkondo huo utapungua kadiri volti za betri hizo mbili zinavyokaribiana, lakini betri kuukuu isiyoweza tena kutunza chaji itaendelea kunyonya, na asubuhi betri mpya itakutwa imepungua bila kazi ya maana kufanyika.

Sasa ziwashwe taa na vifaa ambavyo kwa pamoja vina ukinzani wa omu 1. Hilo ni tawi la tatu, nalo halina chanzo, kwa hiyo E yake ni sifuri. Juu ya mstari halichangii kitu na 317 inabaki 317. Chini linaongeza simensi 1, na jumla inakuwa 26. Volteji ya nodi inashuka hadi 12.19. Betri mpya inatoa karibu ampea 12.15, na betri kuukuu inatoa kama ampea 0.04 tu. Mwenye nyumba anaamini betri mbili zinasaidiana kubeba mzigo, kumbe karibu wote uko mgongoni mwa moja.

Wanafunzi wengi hukosea kwenye tawi hilo la tatu. Kwa kuwa halina chanzo, huliacha nje kabisa, na jibu linabaki 12.68 kana kwamba taa hazipo. Sifuri ya juu haifuti upitishaji wa chini. Kosa la pili ni la alama. Chanzo kilichogeuzwa huingia kwenye hesabu kikiwa na alama ya kutoa, na hesabu ileile huonyesha kwa nini mafundi huogopa kugeuza nyaya za betri. Betri kuukuu ikifungwa kinyume, juu inakuwa 256 kutoa 61, yaani 195. Ukigawanya kwa 25 unapata volti 7.8. Betri mpya basi inasukuma tofauti ya volti 5 mara simensi 20, ambayo ni ampea 100. Waya mwembamba hauhimili mkondo huo. Utaiva, ganda lake litayeyuka, na betri yenyewe inaweza kupasuka.

Jibu la kanuni hii lina kipimo chake cha kujikagua. Volteji ya nodi haiwezi kuzidi chanzo kikubwa kuliko vyote wala kuwa chini ya kidogo kuliko vyote, na tawi lisilo na chanzo huhesabiwa kuwa chanzo cha sifuri. Anayepata volti 13 kutoka betri za 12.8 na 12.2 amekosea mahali fulani. Ukaguzi wa pili ni kurudi kwenye kila tawi, kutafuta mkondo wake, na kujumlisha. Katika mfano wa taa, ampea 12.15 na 0.04 zinafanya 12.19, na mzigo wa omu 1 kwenye volti 12.19 unakula ampea 12.19. Hesabu imefunga.

Kanuni ina mipaka yake. Matawi yote lazima yawe kati ya sehemu mbili zilezile. Waya mrefu ukitenganisha betri na taa kiasi cha kupoteza volti njiani, nodi zimekuwa mbili na fomula moja haitoshi. Tawi lenye chanzo kisicho na ukinzani hata kidogo nalo haliwezi kuingizwa, kwa sababu hakuna kugawanya kwa sifuri, na hapo nodi hushika volti za chanzo hicho moja kwa moja. Tena ukinzani lazima uwe thabiti. Ule wa betri hubadilika kwa umri, kwa baridi na kwa kiasi cha chaji kilichobaki, kwa hiyo jibu ni la saa ile ya kupima, si la mwaka mzima. Taa za LED na vifaa vya kielektroniki pia havina ukinzani mmoja usiobadilika.

Kwa umeme wa gridi kanuni hufanya kazi vilevile, ila volti za fezi tatu hujumlishwa kwa kuzingatia mwelekeo wa kila moja. Hapo ndipo inapoeleza tukio linalounguza vifaa mtaani, waya wa nyutro unapokatika. Tuseme fezi moja ina jiko la umeme la wati 2,000, fezi ya pili ina balbu ya nyuzi ya wati 100, na fezi ya tatu haina mzigo. Vyote vimetengenezwa kwa volti 230. Upitishaji wa jiko ni mara 20 ya ule wa balbu, na kati ya fezi mbili hizo kuna volti 400. Nyutro ikikatika, nodi yao ya pamoja huvutwa upande wa jiko: hukaa umbali wa sehemu moja kati ya 21 kutoka fezi ya jiko, yaani volti 19, na volti 381 zilizobaki humwangukia balbu. Itawaka kwa mwanga mkali wa ghafla kisha iungue. Jiko halitapasha hata kidogo.

Kwa hiyo nyumba ambayo taa zake zinang'aa kupita kiasi upande mmoja na kufifia upande mwingine izimwe kwenye swichi kuu mara moja, na fundi au shirika la umeme liitwe kuitazama nyutro kabla ya kifaa chochote kuwashwa tena. Na anayetaka kuongeza betri kwenye sola yake anunue ya aina, ukubwa na umri uleule, au aifunge ile kuukuu peke yake.