Notsi za Kidato cha Tano: Sikio Kwanza, Kalamu Baadaye

Mwalimu anayezungumza kwa mwendo wa kawaida hutamka zaidi ya maneno 100 kwa dakika, na mkono wa mwanafunzi ni nadra kufikisha 40. Anayetaka kuandika yote hubaki na nusu sentensi, na akili yake ipo kwenye neno lililopita wakati hoja inayofuata inatajwa. Kwa hiyo somo la kuandika notsi lianze kalamu zikiwa chini. Mwalimu asome aya moja, wanafunzi wasikilize tu, kisha waseme hoja kuu ni ipi na ni maneno gani yaliyoiashiria: "sababu kubwa", "hata hivyo", "matokeo yake". Msomo wa pili ndio wa kuandikia.

Tuchukue mada ya usanifishaji wa Kiswahili. Mwalimu anaeleza kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wapo waliopendelea Kimvita kwa utajiri wa ushairi wake, hata hivyo Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara kwa njia ya misafara ya biashara. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikashughulikia tahajia na vitabu vya shule. Mwanafunzi anayefuata tarehe peke yake ataandika "1928 Mombasa, 1930 Kamati" na kuridhika, kumbe kiini kimempita. Aliyelisikia lile "hata hivyo" ataweka juu swali, "Kwa nini Kiunguja?", chini yake "kilishaenea bara (misafara)", na pembeni "hoja pinzani: Kimvita, ushairi". Miaka itakaa chini ya uamuzi inaouhusu. Mpangilio huo unamwonyesha lipi linategemea lipi, na hapo ndipo swali la "jadili" linapopata jibu.

Walimu wengi watasema, na wana haki, kwamba vitabu ni vichache na mtihani hauna huruma, hivyo imla ni salama zaidi. Ninakubali kwamba fasili, kanuni na majina ya watu yanukuliwe neno kwa neno, na mwalimu ayatamke polepole au ayaandike ubaoni. Lakini imla ya kipindi kizima humpa mwanafunzi daftari lililojaa sentensi ambazo hajawahi kuzipima. Pingamizi zito zaidi ni la mwanafunzi mzito wa kuandika, au asiyeimudu vizuri lugha ya kufundishia, anayeogopa kuacha jambo la maana. Huyo aache mstari mtupu kila anapopitwa, kisha mwishoni apewe dakika 5 za kulinganisha na jirani na kuziba mapengo. Siku inayofuata mwalimu awaambie wafunike maelezo yote, wabaki na swali la juu tu, walijibu kwa mdomo. Anayetaja miaka bila kutoa sababu alinakili. Mwalimu arudi naye kwenye aya ileile, mwanafunzi asikilize tena.